Mti wa Krismasi una mita 2.1, mbona mapambo yanapotea? Anza na upana, urefu utafuata

"Dari yangu ina mita 2.7, mti wa plastiki una mita 2.1, chini umetanuka kama mita 1.2, upo kwenye kona ya sebule. Nina mipira 60 yote ya sentimita 6, kamba ya shanga mita 10 na riboni nyembamba ya senti 2.5. Nimeweka vyote lakini ukisimama mlangoni unaona kama mti umemwagiwa njugu, na juu pamejaa kuliko chini. Ninunue vikubwa zaidi au mti ndio mdogo kwa chumba?"

Mti wako uko sawa na chumba, usiubadilishe. Kosa lipo kwenye mipira kuwa saizi moja, na kwenye namna ulivyoigawa kati ya juu na chini. Na kabla hujaenda dukani nikwambie kabisa, hiyo mipira yako 60 inaweza kutumika yote, vya kununua ni vichache kuliko unavyodhani.

Tuanze na dari ili tuimalize haraka. Watu wengi wanapima mti tu wanasahau nyota ya juu, alafu siku ya kupamba nyota inakwaruza dari. Kwa mti wa mita 2.1 nyota ya kama senti 30 inapendeza, ila ile shingo yake inaingia kwenye kijiti cha juu cha mti kama senti 10 hivi, kwaiyo inaongeza senti 20 tu. Mti na nyota vinafika mita 2.3, dari iko 2.7, umebakiwa na senti 40 za hewa na hiyo ni nafasi nzuri. Mimi sikubali chini ya senti 15 maana hapo chumba chote kinaonekana kifupi, kama dari imeshuka. Ingekuwa dari yako ni mita 2.4 ningekwambia uache nyota ndefu ufunge fundo la riboni la senti 15 au 20 linalolala juu ya kijiti, basi.

Sasa upana, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Saizi ya mipira watu wanaichagua kwa urefu wa mti, "mti wa mita mbili unataka mipira ya saizi fulani", na mimi nilifanya ivo miaka mingi mpaka nilipopamba mti mwembamba wa mita 2.1 ambao chini ulikuwa na senti 75 tu. Nilichukua vitu vilevile ninavyowekaga kwenye mti mnene wa urefu huo, mipira ya senti 12, kamba mita 20, yote nikaipachika. Matawi ya chini yalilala, kamba ikawa imebana kama bandeji, kijani hakikuonekana kabisa. Nikaushusha wote usiku uleule nikaanza upya na nusu ya vitu, ukapendeza. Urefu ulikuwa uleule wa siku zote, kilichobadilika ni upana, na jicho linalinganisha mpira na upana wa mti pale mpira ulipo.

Kanuni ninayotumia tangu hapo ni mbili. Ya kwanza, mpira mkubwa kuliko yote mtini uwe kama moja ya kumi ya upana wa chini. Wako una senti 120, kwaiyo mkubwa wako ni senti 12. Yule mwembamba wa senti 75 mkubwa wake ni senti 7 au 8, hapo ndio mwisho. Ya pili, popote unapotundika, mpira usizidi moja ya tano ya upana wa mti mahali hapo hapo. Mti ni kama pia iliyogeuzwa, kila ukipanda unabanwa. Pale ambapo mti una upana wa senti 30 tu, senti 6 ndio mwisho, na ukipanda mpaka penye senti 20 inabidi iwe ya senti 4. Hii ndio inayofanya juu paonekane pamejaa kuliko chini, yaani mpira wa senti 6 chini ni punje, huohuo juu kabisa ni jiwe.

Ila upana upime mwenyewe, usiamini ulioandikwa kwenye boksi. Ule wa boksi ni matawi yakiwa yamenyooshwa hadi mwisho, na ukishayachanua nyumbani kwa kuyainua kidogo yaonekane ya asili unapoteza senti 10 hata 15. Shika tepu kutoka ncha ya tawi la chini upande mmoja hadi ncha ya tawi la upande wa pili, geuka upime tena kwa kukatiza, chukua kati ya hizo mbili. Na uchanue kwanza ndio upime.

Alafu kuna jambo la mgawanyo ambalo wengi hawalijui. Ukigawa mti wako sehemu tatu za urefu sawa, juu, kati na chini, unaweza kudhani kila sehemu inataka mapambo theluthi moja. Hapana. Kwa sababu mti unatanuka, ile sehemu ya juu ina eneo la sehemu moja kati ya tisa tu, ya kati ina tatu kati ya tisa, na ya chini ina tano kati ya tisa. Rudia kichwani: moja, tatu, tano. Yaani chini peke yake kuna zaidi ya nusu ya mti wote! Ukiweka mipira 20 juu, 20 kati, 20 chini, juu panajaa mno na chini panabaki pa kijani kitupu, na nadhani ndicho unachokiona ukisimama mlangoni.

Idadi ya jumla inatoka kwenye eneo hilohilo. Kwenye mti wako chukua mzunguko wa chini, upana mara 3.14, unapata kama mita 3.8, gawa kwa mbili inakuwa 1.9. Kisha pima kwa tepu kutoka pale matawi yanapoanzia juu, ukishuka kwa mteremko hadi ncha ya tawi la chini kabisa, nakadiria itakuwa mita 1.9 pia maana stendi na kijiti cha juu vinakula kama senti 30 za ule urefu wa 2.1. 1.9 mara 1.9 ni kama mita za mraba 3.6. Mimi naweka vipande kama 30 kwa kila mita ya mraba, mti unaonekana umeshiba bila kufunika matawi, kwaiyo mti wako mzima ungetaka kama 108. Lakini wewe uko konani, theluthi ya nyuma haionwi na mtu, ondoa. Zinabaki 72.

Gawa 72 kwa tisa unapata 8. Juu vipande 8, kati 24, chini 40. Hayo ndio mahesabu yote, hayana zaidi.

Sasa saizi zake. Mikubwa ya senti 12 unataka 8 tu, sita sehemu ya chini na miwili kwenye nusu ya chini ya ile sehemu ya kati. Hapa ndipo usinunue. Chukua mipira yako mitatu ya senti 6, pitisha waya laini kwenye vipete vyake vya juu, vute viguse, pindua waya mara tatu nne mpaka mipira mitatu ibanane. Kichala hicho kinatoka na upana wa karibu senti 13, kwa mbali jicho linakisoma kama pambo moja kubwa, na kina uzuri wake maana mwanga unapiga sehemu tatu. Vichala 8 vinakula mipira 24. Mipira 36 iliyobaki inaingia hivi: 20 chini, 12 kati, 4 juu pale sehemu ya juu inapoanzia. Umemaliza yote 60.

Cha kununua ni mipira 24 ya senti 8, ambayo huna kabisa na ndiyo inayokosekana zaidi, maana bila saizi ya kati jicho linaruka kutoka kikubwa kwenda kidogo bila daraja. 14 iende chini, 10 iende kati, juu usipandishe hata mmoja. Na vidogo vinne vya senti 4 kwa pale juu karibu na nyota. Ukijumlisha: chini vichala 6, vya nane 14, vya sita 20, ni 40. Kati 2, 10 na 12, ni 24. Juu vinne na vinne. Hapo ndio 72 zako.

Kuhusu mahali pa kutundika, vichala na mikubwa usiviweke nchani mwa tawi. Visukume ndani, karibu theluthi moja ya tawi kutoka shinani, uuzungushe waya kwenye tawi lenyewe. Sababu mbili: tawi haliinami, na mti unapata kina, unaona kitu kinang'aa ndani kwenye kivuli badala ya kila kitu kukaa usoni kama nguo iliyoanikwa. Mipira ya nane ikae katikati ya tawi, ya sita ndio inyanyuke nchani. Ukiona tawi limeshuka zaidi ya vidole viwili kuliko jirani yake, pambo hilo ni zito pale lilipo, lirudishe ndani, usilazimishe.

Kamba ya shanga. Kwa mti wa upana wako, mtu akitaka kuuzungusha wote kwa mizunguko 9 ya kawaida anahitaji: nusu ya mzunguko wa chini, ile 1.9, mara 9, ni mita 17, na uongeze moja ya tano kwa ajili ya kulegea maana kamba lazima ining'inie kidogo kati ya tawi na tawi, inafika mita 20. Wewe una 10. Lakini una kona, na riboni nayo inakuja, kwaiyo mizunguko 9 itakuwa mingi mno. Fanya 6. 1.9 mara 6 ni 11.4, ongeza kulegea inakuwa kama 13.7, toa theluthi ya nyuma, umebaki na mita 9 na ushee. Kamba yako inatosha na kipande kidogo kinabaki. Usiizungushe nyuma basi, ukifika ukingoni mwa mti ifunge tawini, shuka, rudi ulikotoka, kama mtu anayelima matuta.

Nafasi kati ya mstari na mstari isiwe sawa. Hapa watu wanakosea sana, wanapima senti 30 juu mpaka chini, mti unaonekana umepigwa mistari. Anza juu na senti 22 au 23, kila ukishuka ongeza kidogo, chini ifike 37 hivi. Mti unatanuka, nafasi nazo zitanuke. Unene wa shanga pia uuangalie, lazima shanga iwe ndogo waziwazi kuliko mpira mdogo ulio karibu nayo. Shanga ya senti 1 hadi 1.5 kwa mti wako ni sawa kabisa. Kama ingekuwa ile kamba ya manyoya yanayometameta yenye unene wa senti 10, hiyo ingeshindana na mipira ya nane na ningekwambia uiache kabisa, uchague kimoja.

Riboni ndio kitu ningebadilisha. Ya senti 2.5 ni ya kufungia zawadi, kwenye tawi la mti wenye upana wa mita 1.2 ni uzi. Riboni inakaa vizuri ikiwa kama nusu ya pambo lako kubwa, kubwa lako ni 12, tafuta ya senti 6 na kitu, yenye waya pembeni. Waya ni lazima, bila waya riboni inalala chini kama ulimi, haishiki umbo. Mti mwembamba wa senti 75 ungetosheka na ya senti 4, na miti ya mita 2.7 kwenda juu yenye matumbo makubwa ndio inabeba ya senti 10.

Usiizungushe pia, maana kamba tayari inakwenda kwa ulalo, vyote viwili vikienda ulalo mti unafupika na kunenepa. Riboni ishuke wima. Na kwa dari yako ya 2.7 hilo linakusaidia zaidi, mistari ya wima inavuta jicho juu, senti 40 za hewa zinaonekana kama sehemu ya mti. Kata vipande vya senti 75, chomeka mwanzo wa kipande ndani karibu na shina ukizungushie ncha ya tawi dogo, kiache kitoke nje kijipinde kama tumbo la tanga kiasi cha senti 15, kirudishe ndani, kipande kinachofuata kianzie palepale kilipoishia cha kwanza. Vipande vinne vinatosha kutoka juu hadi chini, ni mita 3 kwa mstari mmoja, kwa sababu mteremko wa 1.9 unaongezeka kwa yale matumbo. Chini mistari ikae mbalimbali kama senti 60, mti mzima ungetaka sita, wewe wa kona unataka minne. Mita 12. Roli nyingi zina mita 9, kwaiyo mbili, na kinachobaki ndio fundo la chini ya nyota.

Tumbo la riboni nalo linafuata upana: chini senti 15 hadi 20, juu 8 inatosha. Nimeona mtu kafanya matumbo yote sawa, juu ya mti pakawa na masikio.

Mpangilio wa kazi: taa kwanza, riboni, kamba, vichala na mikubwa, ya nane, ya sita, vidogo mwisho. Ukitanguliza mipira alafu riboni, utaipindua yote wakati unachomeka.

Utajuaje kama umepatia? Rudi hapohapo mlangoni uliposimama, usiangalie ukiwa karibu na mti, kila kitu karibu kinapendeza. Umbali ni muhimu maana mpira wa senti 8 ukiwa mita 5 unaonekana sawa na wa senti 4 ukiwa mita 2.5, ndio maana njugu zako ziliongezeka ukiwa mbali. Fumba macho nusu. Ukiona madoa ya kung'aa yamejikusanya sehemu moja, hapo hamisha. Au piga picha na simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, rangi zikiondoka unabaki na saizi tupu, mashimo yanajitokeza yenyewe. Shimo la giza kubwa kuliko ngumi mbili linataka kipande cha senti 8, dogo kuliko hapo liache, mti nao upumue.

Umeuliza kama mti ni mdogo kwa chumba, nikuongezee hapo. Mti kuanzia theluthi mbili hadi robo tatu na kidogo ya dari unakaa sawa, wako upo juu kidogo ya robo tatu. Siku ukihamia kwenye dari ya mita 3.6 na mti huohuo, utaonekana mfupi kweli, na watu wengi hapo wanakimbilia mipira mikubwa zaidi ili kujaza hewa. Usifanye ivo, mipira mikubwa inaufanya mti uonekane mdogo zaidi kwa sababu jicho linalinganisha na huo upana uleule wa senti 120. Upandishe juu ya boksi imara la senti 30 ulizungushie kitambaa, ongeza vijiti vyembamba vya kung'aa vinavyochomoza nyuma ya nyota, na kama utatazamwa kutoka mbali punguza ya sita, ongeza vichala, lakini kikubwa kibaki senti 12 au 13.

Kitu cha mwisho, ile mipira ya senti 6 ukiifunga vichala changanya rangi mbili zinazokaribiana au moja inayong'aa na mbili zisizong'aa, usifunge mitatu inayofanana kabisa. Na waya ukate kwa koleo uukunjie ndani, ncha yake inachana riboni.